Jumlisheni yuniti kwanza, lita zitafuata

Nimeletewa tena mchoro wa jengo la ghorofa 20 hapa Dar es Salaam, ambamo bomba kuu la maji la wima limeandikwa kipenyo cha milimita 100. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwamba mtiririko wa kila ghorofa umejumlishwa. Nimekwisha kulisahihisha kosa hili mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika.

Katika jengo hilo, pampu ya chini hupandisha maji hadi tangi la kati lililoko ghorofa ya 10, na busta, yaani pampu ya kuongeza presha, iliyo kando ya tangi hilo huhudumia ghorofa kumi za juu kupitia bomba hilo kuu. Kila ghorofa ina fleti nne. Kila kifaa hupewa yuniti, yaani kipimo cha mzigo wake wa maji: choo cha tangi, beseni na shawa kwa pamoja vina yuniti 3.6, na sinki ya jikoni ina 1.4, hivyo fleti ni yuniti 5, ghorofa ni 20, na ghorofa kumi ni 200.

Kwenye grafu ya kugeuza yuniti kuwa mtiririko, aliyoitoa mtafiti Mmarekani Roy Hunter mwaka 1940, yuniti 20 ni takriban lita 1.24 kwa sekunde. Mchoraji akazidisha mara kumi, akapata 12.4. Lakini yuniti 200 zikisomwa kwenye grafu hiyo hiyo hutoa lita 4.1 tu, kwa sababu kadiri vifaa vinavyoongezeka ndivyo uwezekano wa vyote kufunguliwa pamoja unavyopungua. Kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, milimita 65 zinatosha. Busta iliyochaguliwa kwa lita 12.4 itawaka na kuzima mchana kutwa.

Linaloniudhi zaidi ni bomba linalojaza tangi la kati kupimwa nalo kwa yuniti. Bomba hilo halijui nani amefungua shawa, kwani tangi limekwisha kulitenga na wakazi. Linadaiwa maji ya siku tu: watu 160 wa ghorofa hizo kumi kwa lita 150 ni lita 24,000, na zikipandishwa kwa saa 12 ni lita 0.56 kwa sekunde, ambazo bomba la milimita 32 huzibeba bila taabu. Tangi nalo sharti liwe na akiba ya kufidia tofauti kati ya lita 0.56 zinazoingia na 4.1 zinazotoka saa za asubuhi.

Shaka yangu iko kwa Hunter mwenyewe. Vyoo vya leo hutumia maji machache kuliko vya wakati wake, kwa hiyo grafu huelekea kuzidisha. Kwa upande mwingine, hesabu yake hudhani kwamba kila mtu hufungua bomba kwa wakati wake. Siku ya mgao, tangi likikauka, wakazi huacha koki wazi wakisubiri, na maji yakirudi zote humwaga kwa pamoja. Utalitambua jambo hilo kwenye geji ya busta: pampu zote zinafanya kazi, lakini presha haipandi. Kwa hali hiyo siongezi kipenyo cha bomba, bali naweka floti inayozima busta kabla tangi halijakauka na kuizuia isiwake mpaka tangi lifike nusu.