Barua kwa mwenye nyumba kabla ya kufungua zahanati

Malalamiko yanayotufikia kitengo cha ukaguzi siku hizi yanafanana. Mtu amelipa kodi ya mwaka mzima, amepaka rangi, amenunua vitanda, halafu mkaguzi anamwambia jengo halifai. Anaona ameonewa. Tukiomba barua aliyomwandikia mwenye nyumba, tunakuta mstari mmoja: "Naomba kupanga nyumba yako kwa ajili ya biashara."

Biashara gani? Hata duka la vitambaa ni biashara.

Katika shauri moja, nyumba ilikuwa ya kuishi, vyumba vitano. Milango ilikuwa na sentimita 80, kitanda cha magurudumu kinapita. Lakini korido ilikuwa na sentimita 90 tu, na kitanda hicho kina urefu wa karibu mita 2, kwa hiyo kilikwama kwenye kona. Dawa yake ni kuvunja ukuta, na ukuta ule ndio uliobeba zege la juu. Mabomba nayo yalikuwa upande wa jiko na choo tu, ilhali kila chumba cha kumwona mgonjwa kinahitaji sinki la kunawia mikono. Mwenye nyumba akakataa sakafu yake isichimbwe. Kwa kweli hatukuweza kumlaumu, maana hakuna aliyemwambia.

Barua ya mpangaji huyo ingetakiwa kusema hivi:

"Ndugu, naomba kupanga nyumba yako kwa matumizi ya zahanati ya wagonjwa wa nje, yenye maabara ndogo, bila kulaza. Nitahitaji kuweka masinki manne na kuchimba sakafu kupitisha mabomba, kupanua korido baada ya fundi mwenye sifa kuukagua ukuta, na kutenga sehemu ya nje yenye kufuli ya kuhifadhia taka zenye damu na sindano hadi zichukuliwe. Umeme uhimili mashine ya kutakasia vifaa, na jokofu la chanjo lisilotoka nyuzi 2 hadi 8 za Selisiasi. Naomba pia kujua ukubwa wa shimo la majitaka."

Sasa utaratibu. Kubadili matumizi ya jengo kutoka makazi kwa kawaida huombwa na mmiliki, au kwa ridhaa yake ya maandishi. Kwa hiyo muulize humo humo kwenye barua kama yuko tayari. Kisha leta mchoro wa vyumba ukaguliwe kabla hujasaini. "Nitarekebisha nikishaingia" si jibu, tafadhali. Anayeanza kutibu bila kibali anaweza kufungiwa, kutozwa faini au kushtakiwa, na kodi aliyolipa ni suala lake na mwenye nyumba. Sisi hatuna mamlaka ya kuirudisha. Ndiyo maana barua ipendekeze sharti kwamba kibali kikikataliwa kwa sababu ya jengo, mkataba unakoma na kodi ya miezi isiyotumika inarudishwa.

Andika nakala mbili. Mwenye nyumba asaini moja kuthibitisha kuipokea, na mkataba uitaje kuwa kiambatisho chake.