Kunoa picha kwa bendi ya pankromatiki: kilichonolewa ni nini hasa?

Kila mara magugu maji yanapotanda Ghuba ya Winam kwenye Ziwa Victoria, huzuka ramani zilizoandikwa "NDVI, mita 15" chini ya jina la setilaiti ya Landsat 8. NDVI ni kipimo cha mimea kinacholinganisha mwanga wa infraredi ya karibu na mwekundu. Maneno hayo yanamwambia msomaji kwamba mtu amepima mimea kwa kila kipande cha mita 15 kwa 15. Hakuna aliyepima hivyo. Kilichofanyika ni kunoa picha, na kunoa picha si kupima upya.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Setilaiti hubeba bendi kadhaa za rangi, kila moja ikipokea kipande chembamba cha mwanga: buluu, kijani, nyekundu, infraredi ya karibu. Kipande kikiwa chembamba, mwanga unaofika ni mchache, kwa hiyo pikseli hufanywa kubwa. Kwa Landsat 8 ni mita 30. Bendi ya pankromatiki hupokea kipande kipana zaidi, mwanga unatosha, na pikseli yake ni mita 15. Kunoa ni kuchukua rangi za pikseli kubwa na kuzigawa upya kwenye pikseli ndogo kwa kufuata weusi na weupe wa bendi ya pankromatiki. Pikseli moja ya mita 30 inakuwa nne za mita 15.

Sasa swali ambalo wengi hulipita: hiyo pankromatiki iliona mwanga gani? Kwenye Landsat 8 ni bendi ya 8, inayoanzia takribani maikromita 0.50 hadi 0.68. Ndani yake mna kijani na nyekundu. Buluu inagusa ukingoni tu. Infraredi ya karibu, bendi ya 5, iko kwenye 0.85 hadi 0.88, mbali kabisa na mpaka huo. Landsat 7 ilikuwa tofauti: pankromatiki yake ilifika 0.90, kwa hiyo infraredi ya karibu ilikuwamo. Anayechukua mazoea ya Landsat 7 na kuyahamishia Landsat 8 anaiomba bendi ya 8 itoe habari ambayo haikuwahi kuipokea.

Magugu maji ndiyo mahali pabaya zaidi pa kufanya kosa hili. Maji ya ghuba, hasa upande Mto Nyando unapoingiza tope, huwa meupe kiasi kwenye kijani na nyekundu, na meusi kwenye infraredi. Jani la gugu hufanya kinyume: linameza nyekundu na kurudisha infraredi nyingi. Kwa hiyo kwenye pankromatiki gugu ni jeusi kuliko maji ya tope, na kwenye infraredi gugu ni jeupe kuliko maji. Mpaka ni uleule, ila umegeuka.

Tuufuate mpaka huo kwa tarakimu za mfano. Tuseme maji ya tope yana uakisi wa 0.10 kwenye kijani, 0.10 kwenye nyekundu na 0.04 kwenye infraredi. Gugu lina 0.08, 0.04 na 0.40. Pankromatiki tuichukue kama wastani wa kijani na nyekundu: maji 0.10, gugu 0.06. Pikseli moja ya mita 30 imeangukia ukingoni, nusu gugu na nusu maji. Itasoma nyekundu 0.07, infraredi 0.22, na pankromatiki ya pikseli nzima ni 0.08. NDVI yake ni 0.52. Uhalisia ndani yake ni pande mbili: gugu lenye NDVI ya 0.82 na maji yenye −0.43. Tunatumaini kunoa kutatupatia pande hizo mbili.

Njia ya Brovey hugawanya pankromatiki ya pikseli ndogo kwa ile ya pikseli kubwa, kisha huzidisha kila bendi kwa jibu hilo. Upande wa gugu ni 0.06 kwa 0.08, yaani 0.75. Infraredi inakuwa 0.165. Upande wa maji ni 1.25, na infraredi inakuwa 0.275. Maji sasa yana infraredi kubwa kuliko gugu. Na NDVI? Nyekundu, R, na infraredi, NIR, zimezidishwa kwa namba moja, k, na namba hiyo inajifuta juu na chini ya mstari wa kugawanya:

```
(k·NIR − k·R) / (k·NIR + k·R) = (NIR − R) / (NIR + R)
```

Inabaki 0.52 pande zote mbili. NDVI ya picha iliyonolewa kwa Brovey ni ileile ya mita 30, imekatwa vipande vinne (au kulainishwa, kwa kuwa programu nyingi hukadiria thamani za kati zinapopanua pikseli). Hakuna hata chembe ya habari ya pankromatiki iliyoingia. Anayeandika "NDVI, mita 15" juu ya zao la Brovey ameandika jambo ambalo hesabu yenyewe inalikataa.

Njia za kujumlisha, IHS ikiwamo, huongeza tofauti ya pankromatiki kwenye kila bendi badala ya kuzidisha. Hapa tofauti ni −0.02 upande wa gugu na +0.02 upande wa maji. NDVI inakuwa 0.60 na 0.45. Hapa ndipo watu hudanganyika kwa nia njema, maana gugu limepanda na maji yameshuka, na ukingo umejitokeza kwenye ramani. Lakini 0.60 si 0.82, 0.45 si −0.43, na infraredi bado imegeuka: 0.20 kwa gugu, 0.24 kwa maji. Tofauti iliyotokea imeletwa na weusi peke yake. Kivuli cha wingu juu ya nusu ya pikseli kina weusi pia, nacho kitapandishiwa NDVI vilevile.

Gram-Schmidt ni ya uangalifu zaidi: kila bendi hupewa kipimo chake cha kuongeza, kulingana na jinsi inavyopanda na kushuka pamoja na pankromatiki. Ila kipimo hicho kwa kawaida hukokotolewa mara moja kwa picha nzima. Picha inayobeba ghuba hubeba pia mabati ya Kisumu, miwa ya Muhoroni na mashamba yaliyolimwa, na hivyo vyote huamua namba itakayotumika ukingoni mwa magugu. Ukikata eneo la maji peke yake kabla ya kunoa, mambo huwa afadhali, lakini bado unakisia infraredi kutoka kwenye mwanga mwingine.

Kuna madhara mengine mawili ya kivitendo. La kwanza ni uzito wa bendi. Amri ya `gdal_pansharpen.py` hutumia Brovey yenye uzito, na usipotaja uzito huzipa bendi zote sawa. Ukiingiza kijani, nyekundu na infraredi bila kutaja kitu, katikati ya mkeka wa magugu wastani wa bendi tatu ni 0.17 huku pankromatiki ikiwa 0.06. Kila kitu kinazidishwa kwa karibu 0.35, na infraredi inaporomoka kutoka 0.40 hadi 0.14, mahali ambapo hapana hata ukingo. Dalili yake ni mimea yote kuwa myeusi kuliko ilivyokuwa kabla. Infraredi ipewe sifuri:

```
gdal_pansharpen.py -w 0.5 -w 0.5 -w 0 B8.TIF B3.TIF B4.TIF B5.TIF kali.tif
```

La pili ni vipimo visivyolingana. Bidhaa ya uakisi wa ardhini ya Landsat 8, kiwango cha 2 katika Mkusanyo wa 2, haina bendi ya 8. Wengi huchukua bendi za rangi kutoka kiwango cha 2 na pankromatiki kutoka kiwango cha 1, kisha huzichanganya zikiwa tarakimu ghafi. Kiwango cha 1 hugeuzwa kuwa uakisi wa juu ya angahewa kwa kuzidisha na 0.00002 kisha kutoa 0.1, kiwango cha 2 kwa kuzidisha na 0.0000275 kisha kutoa 0.2. Kugawanya tarakimu zenye vianzio tofauti hakuna maana. Tumia kiwango cha 1 kwa bendi zote, na uzigeuze kwanza.

Namna ya kukagua nayo ina mtego. Watu hurudisha picha iliyonolewa hadi mita 30 kwa wastani, wakaona inalingana na ya asili, wakaridhika. Kwenye mfano wetu wa kwanza, wastani wa 0.165 na 0.275 ni 0.22 kamili. Ukaguzi umepita, na ndani gugu na maji vimebadilishana nafasi. Ukaguzi unaofaa ni kushuka ngazi moja: punguza bendi za rangi hadi mita 60 na pankromatiki hadi mita 30 kwa wastani, noa kurudi mita 30, kisha linganisha na infraredi ya mita 30 iliyopimwa kweli. Angalia hasa kingo za magugu. Mpaka ukiwa umegeuka utauona papo hapo.

Ikiwa lengo ni kukadiria eneo, pikseli chafu ya ukingoni ina thamani kuliko iliyonolewa. Infraredi yake ni 0.22, iko katikati kabisa ya 0.04 ya maji na 0.40 ya gugu. Hiyo ni nusu, yaani mita za mraba 450 kati ya 900. Ukiinoa kwa Brovey na kuweka mpaka wa NDVI wa 0.5, vipande vyote vinne vitahesabiwa gugu na eneo litakuwa maradufu. Tena vipande hivyo vinne si sampuli nne; ukivitumia kufundishia uainishaji na kupimia usahihi wake, umeihesabu pikseli moja mara nne. Na anayehitaji NDVI ndogo kweli anayo Sentinel-2, ambayo haina pankromatiki, lakini nyekundu na infraredi yake zimepimwa kwa mita 10.

Picha iliyonolewa ina kazi yake: kuchora kwa macho barabara, mabwawa ya samaki, gati au ukingo wa mji kwa bendi za 4, 3 na 2, yaani nyekundu, kijani na buluu. Huko rangi na pankromatiki huenda pamoja kwa sehemu kubwa. Iwe mandhari ya ramani, na hesabu zifanyike kwenye bendi za asili. Chini ya ramani iandikwe: "NDVI ya mita 30, picha ya nyuma imenolewa hadi mita 15 kwa bendi ya 8."