Asilimia 10 iliyogeuka 80: kuisoma risiti ya dawa za bima

Mama mmoja alirudi dirishani kwangu jioni na risiti aliyoikunja mara nne. "Mwanangu," akasema, "bima yangu inasema nichangie asilimia 10 ya dawa. Mbona mmenitoza karibu zote?"

Mimi ni mfamasia, na swali hilo nimelizoea. Mama hakuwa amekosea hesabu, na sisi hatukuwa tumemwibia. Tatizo ni kwamba risiti ilimwonyesha jumla moja tu ya "mgonjwa alipe", na ndani ya jumla hiyo kulikuwa na malipo ya aina tatu. Moja tu ndiyo ile aliyoambiwa siku anakata bima.

Tukaikunjua risiti juu ya meza. Dawa zilikuwa tatu, zote za siku 30. Bei nitakazotaja ni namba za mfano, ila uwiano wake ndio uliokuwa pale. Ya kwanza ni amlodipini ya shinikizo la damu, bei 200. Ya pili ni atorvastatini ya kushusha lehemu, bei 1,500. Ya tatu ni esomeprazoli ya kupunguza asidi ya tumbo, bei 600. Jumla 2,300. Mama alitarajia kutoa 230, akatoa 1,850.

Amlodipini haikuwa na utata. Imo kwenye orodha ya dawa ambazo bima yake inazilipia, tena katika daraja la kwanza, la dawa zinazouzwa kwa jina la kitabibu badala ya jina la biashara. Bima ililipa 180, yeye 20. Huu ndio mchango wa mgonjwa hasa. Baadhi ya bima hazitumii asilimia, zinaweka kiasi kimoja kwa kila dawa bila kujali bei. Ukiwa kwenye mpango wa namna hiyo, uliza bei ya kawaida kwanza, kwa sababu dawa rahisi sana inaweza kuwa na bei ndogo kuliko mchango wenyewe.

Kwenye atorvastatini ndiko fedha nyingi zilikokwenda. Daktari aliandika jina la biashara, la kampuni iliyoitoa dawa kwanza, na mwenzangu wa zamu ya asubuhi akatoa kile kilichoandikwa. Dawa ile ile ya viwanda vingine ilikuwa 300. Bima ya mama ina kanuni inayofuatwa na bima nyingi: hulipia dawa kwa kiwango cha bei ya rejea, yaani bei ya ile ya kawaida, na tofauti yoyote inayozidi hapo humwangukia mgonjwa. Kwa hiyo ile asilimia 10 ilipigwa kwenye 300, si kwenye 1,500. Bima ikatoa 270. Mama akatoa mchango wa 30, kisha tofauti ya 1,200 nzima. Kwenye risiti vyote viwili viliunganishwa kuwa 1,230, kana kwamba ni kitu kimoja.

"Lakini hii ya bei rahisi si ina nguvu pungufu?" akauliza. Hofu hii ina chanzo chake. Ili dawa ya kiwanda kingine ikubaliwe, hupimwa inavyoingia kwenye damu ikilinganishwa na ile ya kwanza, na matokeo ya kitakwimu yanatakiwa yaangukie kati ya asilimia 80 na 125. Watu husikia hiyo 80 wakadhani kidonge kimepunguzwa dawa. Sivyo. Kiasi cha dawa ndani ya kidonge ni kile kile, miligramu 20 ni 20. Mipaka ile inahusu wastani wa vipimo vya damu pamoja na wigo wake wa mashaka, na ili wigo mzima uingie humo, wastani wenyewe hauna budi kuwa karibu sana na 100. Zipo dawa ambazo mimi mwenyewe sipendi kuzihamisha kiwanda ovyo, kama fenitoini ya kifafa, maana kiasi kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana. Atorvastatini haimo katika kundi hilo.

Ya tatu, esomeprazoli, haikuwa kwenye orodha kabisa. Bima ikalipa sifuri, mama akalipa 600 zote. Hapa hatuzungumzii tena kuchangia. Kwa bima, dawa hiyo ni kama hakuinunua. Orodha hutengenezwa na kamati ya madaktari na wafamasia wanaopima ufanisi, usalama na gharama, kisha huchagua dawa chache katika kila kundi. Kwenye kundi la asidi walichagua omeprazoli, yenye bei ya 150. Orodha hizi hubadilishwa mara kwa mara, na ndiyo maana mtu hulipa kidogo mwezi huu, kesho yake dawa ile ile ikamshangaza.

Je, ningeweza kumbadilishia zote mbili palepale? Atorvastatini ndiyo, pale sheria inaporuhusu na daktari hajaandika kwamba isibadilishwe, kwa kuwa ni dawa ile ile yenye jina jingine. Esomeprazoli hapana. Ni ndugu wa karibu wa omeprazoli, lakini ni dawa nyingine yenye vipimo vyake, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine ni uamuzi wa daktari. Nilimpigia simu mbele ya mama. Akakubali omeprazoli bila kusita. Aliandika ile nyingine kwa mazoea tu.

Angekuwa na sababu, njia ingekuwa tofauti. Chukulia mgonjwa anayetumia klopidogreli ya kuzuia damu kuganda. Omeprazoli huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kuiamsha klopidogreli, na esomeprazoli hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo daktari angetaka pantoprazoli. Kama haimo kwenye orodha, huandikwa ombi la kibali maalumu. Nimeona maombi mengi yakirudishwa kwa sababu yalisema tu "mgonjwa anaihitaji". Yanayopita hutaja dawa ya orodha kwa jina, hueleza kwa nini haimfai mgonjwa huyu, au ilijaribiwa kwa muda gani na nini kikatokea. Kibali hutakiwa kabla ya dawa kutolewa. Kukiomba baada ya kulipa ni safari ndefu.

Tukapiga hesabu upya ya mwezi unaofuata: amlodipini 20, atorvastatini ya kawaida 30, omeprazoli 15. Jumla 65, ambayo ndiyo asilimia 10 ya 650. Mama aliitazama karatasi akaniuliza kama basi nimrudishie tofauti ya leo.

Sikuweza. Dawa ikishatoka dirishani haturudishi kabatini, hata kama kisanduku hakijafunguliwa, kwa sababu hatujui imekaa wapi, kwenye joto gani. Na bima ilikuwa imeshajibu dai. Jibu hilo huja kwenye kompyuta yetu kabla ya mgonjwa kulipa, dawa moja baada ya nyingine, likionyesha kila moja bima imetoa kiasi gani. Asubuhi ile skrini ilionyesha sifuri mbele ya esomeprazoli, na mwenzangu akasoma jumla peke yake. Sasa mama huyo akija husimama dirishani na kuniambia, "Nisomee moja moja kwanza," ndipo anafungua mkoba.