Bei ikilala baada ya kuingia sokoni

"Bei haijagusa stopu losi, kwa hiyo sijapoteza kitu. Nasubiri tu."

Stopu losi hukukinga bei ikienda kinyume, lakini haioni kwamba sababu yako ya kuingia imekwisha. Tuseme uko Kampala, umenunua EUR/USD kwa 1.0850 saa tano asubuhi, ukitegemea msukumo wa asubuhi wa London. Saa saba bei ni 1.0852. Msukumo haukuja: funga. Ukilala na biashara hiyo ikiwa wazi, huenda ukatozwa riba ya usiku.

Kikomo cha muda, yaani utasubiri hadi lini kabla ya kufunga, kitoe kwenye rekodi zako. Hesabu biashara zilizokupa faida zilianza kusonga baada ya mishumaa mingapi, kisha tazama zilizochelewa ziliishiaje. Kama nyingi zilisonga ndani ya mishumaa 6 ya dakika 15, kikomo cha 8 kinatosha. Mara nyingine bei itaruka ukishatoka, na inauma kweli. Stopu losi ibaki palepale.