Kwa nini jibu langu la maji ya tangi la koni linazidi mara tatu?

"Swali linasema r ni mita 1.5 wakati kina ni mita 3. Nimeiweka kwenye fomula ya ujazo, nikatafuta derivativi, nikapata 0.849. Kitabu kinasema 0.283. Nimekosea wapi?"

Tatizo ni wakati ulipoiweka hiyo 1.5. Tangi lina kimo cha mita 4 na mdomo wenye nusu kipenyo cha mita 2, ncha ikiwa chini, na maji yanaingia mita za ujazo 2 kwa dakika; swali ni kina h kinapanda kwa kasi gani. Maji yakipanda, uso wake unapanuka. Ukiandika V = (1/3)π(1.5)²h kisha ukatafuta derivativi, umeiambia hesabu kwamba uso haupanuki kamwe. Hesabu imekutii, ikakupa jibu la chombo kingine.

Kabla ya derivativi weka tu kilicho kweli muda wote. Hapa, kwa pembetatu zinazofanana, r = h/2 katika kila kina, kwa hiyo iweke mapema:

V = πh³/12
dV/dt = (πh²/4)(dh/dt)

Sasa ndipo h = 3, ambayo ni kweli kwa lahadha moja tu, iingie: 2 = (9π/4)(dh/dt), na dh/dt = 8/(9π), yaani karibu mita 0.283 kwa dakika.

Kuna njia nzuri sana ya kujikagua. Maji yanayoingia kwa muda mfupi hutandazwa juu ya yaliyopo kama chapati nyembamba. Ujazo wa chapati hiyo ni eneo la uso mara unene wake, basi kasi ya kupanda ni maji yanayoingia kugawanya kwa eneo la uso. Uso una π(1.5)² = 2.25π, na 2 ÷ (2.25π) ni 0.283 ileile. Kosa lako lilibakisha ile 1/3 ya fomula ya koni, likagawanya kwa theluthi ya uso, ndiyo maana likazidi mara tatu kamili. Ukaguzi huu unataka tangi lisilovuja; likivuja, toa kwanza kinachotoka.

Maswali ya kutafuta kikubwa kabisa yana mtego huohuo. Una uzio wa mita 40 wa kuzungushia pande tatu za shamba la mstatili, upande wa nne ni ukuta; x ni kila upande unaogusa ukuta, y ni ule unaoelekeana nao. Ukitafuta derivativi ya A = xy huku y ukiiona haibadiliki, unapata y = 0, shamba lisilo na upana. Lakini 2x + y = 40 ni kweli muda wote, basi ingiza kwanza: A = x(40 − 2x). Derivativi ni 40 − 4x, hivyo x = 10, y = 20, eneo mita za mraba 200. Pima na miisho: x = 0 na x = 20 zote zinatoa sifuri, kwa hiyo 200 ndiyo kubwa kabisa.