Uchunguzi kifani wa msambazaji wa zana za kilimo: dhana potofu na ukweli

Msambazaji wa mashine za kupandia mahindi akitaka kuvuta wateja wapya, mara nyingi huomba aandikiwe habari za mkulima mmoja aliyenunua na akafaidika. Watakaoisoma ni wakulima, nao hesabu za shamba wanazijua. Hapa ndipo maandiko mengi ya namna hii hukwama.

Dhana: Mavuno ya mwaka jana na ya mwaka huu yanatosha kuonyesha faida.

Hayatoshi, kwa sababu mvua, mbegu na wadudu hubadilika kila msimu. Msomaji atasema mwaka huu mvua ilikuwa nzuri, na hutakuwa na jibu. Ulinganisho unaosimama hufanywa ndani ya shamba moja, msimu mmoja: vipande vitatu vilivyopandwa kwa mashine, vitatu kwa mkono, vikipishana, mbegu ile ile, mbolea ile ile, siku ile ile. Kwa hiyo mwandishi anapaswa kufika kwa mkulima kabla ya kupanda. Akija baada ya mavuno, atapata maneno tu.

Kipimo cha kwanza ni idadi ya miche. Kwa mistari iliyoachana sentimita 75, urefu wa mita 13.3 ni sehemu ya elfu moja ya hekta. Nyoosha kamba ya urefu huo kando ya mstari, hesabu miche, zidisha kwa 1,000. Nafasi ikiwa sentimita 25 kati ya mche na mche, unatarajia miche 53 hivi kama mbegu zote zimeota. Rudia sehemu tano za kila kipande, uchukue wastani.

Lakini idadi peke yake hudanganya, maana miche miwili iliyobanana huficha pengo lililo mbele yake. Pima pia umbali wa mche mmoja hadi unaofuata. Ukizidi mara moja na nusu ya nafasi uliyokusudia, yaani sentimita 37.5, andika pengo. Ukipungua nusu yake, sentimita 12.5, andika mbegu pacha. Mapacha mengi kwa kawaida yanaonyesha kwamba matundu ya sahani ya mbegu, ile inayozunguka ndani ya mashine na kudondosha mbegu moja moja, ni makubwa kuliko mbegu yenyewe. Mapengo mengi huashiria matundu madogo, trekta kukimbizwa, au gurudumu linalozungusha sahani kuteleza. Pengo lingine ni la mbegu iliyoanguka vizuri ila haikuota, kwa hiyo fukua kidogo uone kabla ya kuilaumu mashine au kuitetea.

Dhana: Kilo ni kilo, mzani ukishasema basi.

Tuseme baada ya kuvuna, kipande cha mkono kimetoa kilo 5,000 kwa hekta, punje zikiwa na unyevu wa asilimia 20, na cha mashine kilo 4,800 kwa asilimia 16. Kwa macho, mkono umeshinda. Sasa vilete vyote kwenye unyevu wa asilimia 13: toa unyevu uliopimwa kutoka 100, zidisha uzito kwa jibu hilo, kisha gawa kwa 87. Mkono unabaki na kilo 4,598, mashine 4,634. Tofauti ni kilo 36 tu, ndogo mno kujengea hoja ya mavuno, na andiko lisiijenge. Hapo faida itafutwe kwingine, kwa mfano saa za kazi zilizookolewa kwa kila hekta, ambazo nazo zinataka daftari: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, watu wangapi, mafuta lita ngapi.

Dhana: Mashine ikiharibika, usiandike.

Tunaona hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Andiko linamhusu msambazaji, na msambazaji hupimwa siku mnyororo umekatika katikati ya msimu wa kupanda. Andika saa mkulima alipopiga simu, saa fundi alipofika, spea gani ilihitajika, kama ilikuwepo stoo au iliagizwa, nani alilipa, na saa mashine iliporudi shambani. Mkulima anayefikiria kununua anaogopa kukwama mbegu ikiwa bado ghalani. Mistari hiyo michache inamgusa kuliko kurasa za sifa. Kama spea ilichelewa, sema ilichelewa muda gani na msambazaji amebadilisha nini tangu hapo. Kama hajabadilisha kitu, ni heri andiko lisubiri.

Dhana: Mteja mkubwa ndiye mfano bora.

Mwenye ekari tano akisoma habari za mwenye ekari elfu, huona si habari zake. Chagua mteja anayefanana na wale unaotaka wanunue, kisha taja mapema ukubwa wa shamba, aina ya udongo, mwinuko wa ardhi na nguvu ya trekta inayovuta mashine. Taja pia kama alipewa punguzo ili akubali kuandikwa, na umsomee andiko lote kabla halijatoka.