Barua ya madai ya bima baada ya ajali: dhana potofu na ukweli

Barua ya madai husomwa na mtu ambaye hakuwepo kwenye ajali, naye ana karatasi nyingine mezani: taarifa ya polisi, ripoti ya mkadiriaji wa hasara, picha na mkataba wenyewe wa bima. Kuihakiki kabla ya kuituma ni kuisoma kama atakavyoisoma yeye. Tuchukue rasimu moja ya mfano. Gari dogo limegongwa ubavuni na lori kwenye makutano ya barabara, na mwenye gari, aliyekata bima kubwa, ameandika kwamba ajali ilitokea "saa 3:40 usiku wa tarehe 14 Machi 2026", kwamba lori "lilikuja kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa", na kwamba anadai jumla ya 2,690,000.

Dhana: Kosa dogo la tarehe halina neno, maadamu taarifa ya polisi imeambatanishwa.

Ukweli ni kwamba taarifa hiyo ndiyo itakayolifichua kosa. Polisi wameandika tarehe 13 Machi, 21:40, na picha zilizopigwa kwa simu zina saa hiyo hiyo. Mwenye gari hakudanganya. Alikuwa na maana ya usiku wa kuamkia tarehe 14, kama tunavyosema kila siku. Lakini msomaji wa ofisini anaweza kuielewa saa 3:40 kuwa 03:40, na sasa ana ajali mbili zilizopishana kwa saa sita. Siku moja ina uzito pale bima inapokuwa imeanza au kwisha karibu na tarehe ya ajali, au mkataba unapoweka muda maalumu wa kutoa taarifa. Sentensi salama ni hii: "Ijumaa, tarehe 13 Machi 2026, saa 3:40 usiku (21:40)." Iwapo taarifa ya polisi ndiyo iliyokosea, usiinakili ili karatasi zilingane tu, omba isahihishwe, na ueleze tofauti hiyo ndani ya barua.

Dhana: Ukieleza kwa nguvu kosa la dereva mwingine, madai yanapata nguvu.

Aliyekaa ndani ya gari lililogongwa hana kipimo cha kasi ya lori. Akitaja kilomita 100, halafu mkadiriaji akaona kwamba mbonyeo wa mlango hauendani na kasi hiyo, shaka itahamia hata kwenye yale aliyoyaona kwa macho yake. Aandike alichokiona: taa ya upande wake ilikuwa ya kijani, lori lilitokea kushoto, liligonga mlango wa nyuma wa kushoto, na shahidi fulani alikuwepo. Vivyo hivyo, asikiri kosa wala kuahidi kumlipa mtu, kwa kuwa mikataba mingi ya bima inakataza jambo hilo bila idhini ya kampuni.

Dhana: Bima kubwa hulipa hasara yote, kwa hiyo weka kila risiti.

Hapa ndipo rasimu nyingi huharibika, na dawa yake ni kuusoma mkataba ukiwa na kalamu mkononi, kiasi kimoja baada ya kingine. Jumla ya mfano wetu imetokana na matengenezo 2,000,000, kukokota gari 150,000, teksi 240,000 na simu iliyovunjika 300,000. Ndani ya matengenezo mna 200,000 za kupaka rangi bampa la nyuma, ambalo lilikuwa na mkwaruzo kabla ya ajali. Kiasi hicho kiondolewe mara moja, kwa maana dai la uongo la sehemu ndogo laweza kuipa kampuni sababu ya kukataa madai yote.

Tuseme mkataba huu unalipia kukokota hadi 100,000, haugusi teksi wala mali binafsi, na unamtaka mwenye bima ajibebee asilimia 10 ya hasara inayolindwa. Kinacholindwa ni 1,800,000 na 100,000, yaani 1,900,000. Ukitoa 190,000, malipo ya kutarajiwa ni 1,710,000. Kila kiasi kinachobaki kitajiwe ushahidi wake kwa namba, kwa mfano "kiambatisho 4, risiti ya kukokota", na tarehe ya risiti isitangulie tarehe ya ajali.

Teksi na simu hazikupotea. Hizo, pamoja na kiasi alichojibebea, anaweza kumdai dereva wa lori au bima yake ya mtu wa tatu, kwa kadiri sheria inavyoruhusu, kwa barua nyingine yenye maelezo yale yale ya ajali. Na yule ambaye mwenyewe ana bima ya mtu wa tatu peke yake, hata matengenezo ya gari lake atayadai huko, si kwa kampuni yake.